Asilimia kumi umeipata wapi, mwanangu?

Ilikuwa Jumamosi baada ya alasiri, tumekaa barazani kwa mjomba hapa Shela (Shela ya Malindi, sio ile ya Lamu), laptopu nimeiweka juu ya kreti la soda na kahawa tungu inazunguka. Mjomba na wenzake watatu wanataka kununua mashine ya barafu wawauzie wavuvi na wachuuzi wa samaki, na mimi kwa vile ndio mhasibu wa ukoo nikapewa kazi ya kuangalia kama pesa itarudi.

Nikawaonyesha jedwali langu. Bei ikishuka asilimia 10 hivi, mauzo yakishuka asilimia 10 hivi, gharama ikipanda asilimia 10 hivi. Nilikuwa najisikia, siwezi kusema uongo.

Jirani wa mjomba, mzee ambaye amekuwa nahodha tangu kabla sijazaliwa, hata si mwanachama, alikuja kunywa kahawa tu. Akaliangalia lile jedwali akitikisa kikombe, akaniuliza:

"Hii asilimia kumi umeipata wapi, mwanangu?"

Nikamwambia ndivyo inavyofanywa, mzee, ni kawaida. Akasema haya. Akamaliza kahawa yake akaenda zake kuswali magharibi.

Wiki tano hilo swali halikunitoka.

## Hesabu yenyewe kwanza

Naiweka hapa mtu aweze kunifuata na kalamu. Mashine, chumba cha baridi, tangi la maji na kufungiwa kila kitu ni shilingi milioni 3.2. Wanatarajia kuuza kilo 360,000 kwa mwaka, shilingi 12 kwa kilo, na kila kilo inayouzwa inawagharimu shilingi 7 (stima, maji, magunia, wa kubeba). Juu ya hapo kuna laki 6 kwa mwaka zinazotoka uuze usiuze, yani kodi ya chumba, kijana wa mashine na fundi. Miaka 5, na nikatumia asilimia 16 kuzirudisha pesa za mbele ziwe za leo. Kodi ya serikali nimeiacha pembeni na mashine nimeichukulia kuwa haitauzika baada ya miaka 5, tusije tukapotelea huko.

Kwa hivo kila kilo inaacha shilingi 5, mara 360,000 ni milioni 1.8, toa laki 6 inabaki milioni 1.2 kwa mwaka. Kwa miaka 5 na asilimia 16 unazidisha na 3.274, unapata kama milioni 3.93, ukitoa mtaji unabaki na shilingi 729,000 hivi. Hiyo ndio NPV, thamani halisi ya sasa.

Kwenye Excel:

```
=-3200000+NPV(0.16,C12:G12)
```

Mara ya kwanza nilikosea nikauingiza mtaji ndani ya mabano pamoja na miaka mingine, nikapata 629,000. Excel inachukulia kila kilicho ndani ya NPV kimetokea mwisho wa kipindi, kwa hivo hata pesa unayolipa leo inakatwa riba ya mwaka mzima. Ukiona jibu lako limepungua kwa kiasi kile kile cha riba ya mwaka mmoja, angalia hapo.

Haya, jedwali nililojisikia nalo lilikuwa hivi. Bei ikishuka asilimia 10, NPV inaanguka mpaka hasara ya 685,000. Gharama ikipanda asilimia 10, hasara ya 96,000. Mauzo yakipungua asilimia 10, bado kuna faida ya 140,000. Nikawaambia, mjomba, kitu cha kuchunga hapa ni bei. Mauzo wala msiogope sana.

Nilisema hivo mbele ya nahodha.

## Bei ingeshinda tu

Wiki ya pili nikiwa kwenye matatu narudi kutoka Watamu ndio kikanipiga, nikaitoa simu nikaandika kwenye noti.

Ukipunguza bei asilimia 10, unapoteza sehemu ya kumi ya bei kwa kila kilo, yani shilingi 1.20. Ukipandisha gharama asilimia 10, unapoteza sehemu ya kumi ya gharama, senti 70. Ukipunguza kilo asilimia 10, ni sawa na kupoteza sehemu ya kumi ya ile shilingi 5 inayobaki, senti 50 kwa kila kilo uliyopanga kuuza. Sasa angalia, bei ni 12, gharama ni 7, na tofauti yake ni 5. Kuna biashara gani duniani yenye faida ambayo bei yake ni ndogo kuliko gharama ya kitu chenyewe, au ndogo kuliko faida inayobaki ndani ya hiyo hiyo bei?

Haipo.

Kwa hivo ukitikisa vyote vitatu kwa asilimia ile ile, bei itatoka ya kwanza siku zote. Iwe barafu, iwe nazi, iwe mabati. Jedwali langu halikuwa limegundua kitu chochote kuhusu bahari ya Malindi, lilikuwa limenisomea tena kwamba 12 ni kubwa kuliko 7 na 7 ni kubwa kuliko 5, na mimi nikalisoma kwa sauti nzito barazani kama mtu aliyepiga ramli.

Nilikasirika kidogo kwa sababu nimefanya jedwali hilo mara nyingi tu kazini, na kila mara mkubwa anauliza kipi nyeti zaidi, nasema bei, anatikisa kichwa, tunaendelea.

Kile asilimia 10 inachopima ni mteremko. Yani ukisukuma kidogo, jibu linasogea kiasi gani. Ni kitu cha maana, sikatai, maana kinakuonyesha kwamba ukiwa na faida nyembamba hivi shilingi moja ya bei inauma kuliko inavyoonekana. Lakini hakikwambii hicho kitu kwa kweli kinaweza kusukumwa umbali gani. Hilo la pili ndilo nahodha aliloniuliza, na Excel hailijui.

## Daftari la Mayungu

Mama mmoja anauza barafu kwa gunia pale Mayungu kwa wachuuzi na mama karanga, wale wakaanga samaki, anafahamiana na mama yangu. Nikaenda na shikamoo zangu nikamweleza. Akanitolea daftari la shule, la mistari, jalada limeshavimba kwa maji ya chumvi, na ndani kila siku ameandika magunia yaliyoingia, yaliyouzwa, na bei. Siku zisizo na biashara ameweka kistari tu.

Nilikaa nalo saa mbili chini ya mkwaju.

Kurasa za Desemba mpaka Machi zimejaa hadi pembeni. Halafu ukifika Mei, Juni, Julai, vistari. Kistari, kistari, magunia matatu, kistari. Sihitaji kumweleza msomaji wa huku kusi ni nini, vyombo vidogo vinakaa pwani na asiye na samaki hanunui barafu. Hilo nililijua. Nisilolijua ni kwamba mwaka na mwaka pia unatofautiana hivyo, maana alikuwa na miaka miwili kamili kwenye lile daftari na ule wa pili mauzo yake yalikuwa chini ya ule wa kwanza kwa karibu asilimia 30. Kusi ilianza mapema ikachelewa kuisha, akasema, basi. Hakuiona ni habari.

Bei yake je? Nilipekua kila ukurasa. Kwa kilo, ikipanda sana ni 13, ikishuka sana ni 11. Miaka miwili! Wanunuzi ni wale wale, wanajuana, ukipandisha shilingi mbili wanaenda kwa mwengine, na ukishusha sana wenzako wanakujia juu.

Kwa hivo kile nilichokiita cha kuogopwa kilikuwa ndicho kinachosogea kidogo kuliko vyote.

Nikarudi nyumbani nikaweka masafa ya kweli badala ya asilimia 10. Bei kati ya 11 na 13. Mauzo chini kabisa kilo 250,000 (ile asilimia 30 ya mama), na juu 420,000, nitaeleza kwa nini si zaidi. Gharama kati ya 6.20, stima ikitulia na maji yakitoka, na 8.50, mkiendesha jenereta kila siku mbili tatu.

Bei ikikaa 11 miaka yote mitano, hasara ya 450,000. Mauzo yakikaa 250,000, hasara ya milioni 1.07. Gharama ikikaa 8.50, hasara ya milioni 1.04.

Mpangilio umepinduka. Mauzo na gharama mbele karibu sawa, bei nyuma.

Hii ile chati wanayoiita tornado, mistari mirefu juu mifupi chini, ukiichora kwa asilimia 10 na ukiichora kwa daftari unapata picha mbili tofauti za mradi mmoja. Na ukiletewa moja na mtu, swali la kwanza liwe la nahodha: urefu wa huu mstari umeutoa wapi? Akikwambia ameweka asilimia sawa kwa kila kitu, basi ujue mstari wa bei umekaa juu kwa hesabu tu.

## Kwa nini juu kuna dari

Mjomba aliponiona nimeandika 420,000 akalalamika. Mashine ni ya tani mbili kwa siku, imeandikwa!

Imeandikwa kweli. Muuzaji alinitumia picha ya kibandiko, na chini kwa herufi ndogo kinasema uwezo huo ni hewa ikiwa nyuzi 21 na maji yanayoingia nyuzi 10. Nikaenda na kipimajoto kwenye tangi la mjomba la juu ya paa saa nane mchana, maji nyuzi 31. Mashine inabidi kwanza iyashushe maji hayo kutoka 31 mpaka sifuri kabla haijaanza kutengeneza barafu, na huku yenyewe inatoa joto kwenye hewa ya Malindi. Fundi mmoja wa friji akaniambia nihesabu kilo 1,450 kwa siku nikiwa na bahati. Siku 330 ni kama 478,000 zinazotengenezwa.

Halafu inayeyuka. Kati ya mashine na chombo, mama wa Mayungu anapoteza kama asilimia 12. Inabaki 420,000 ya kuuza, hapo ni dari, hata bahari itapike samaki.

Sasa ona kilichotokea. Tuliyoiita kawaida ni 360,000. Kwenda juu tuna nafasi ya 60,000, kwenda chini kuna shimo la 110,000. Asilimia 10 juu na asilimia 10 chini inajifanya kama bahati mbaya na bahati nzuri zina urefu mmoja, na kwa mtu mwenye mashine hazina, mwaka mzuri unagonga dari na mwaka mbaya hauna sakafu karibu. Katikati ya 250,000 na 420,000 ni 335,000, na kwa kilo hizo NPV ni 320,000, si 729,000. Nambari tuliyoianzia ilikuwa tayari ya upande wa matumaini na hakuna aliyekusudia.

## Vitu vinavyoshikana mikono

Hapa ndipo nilipokaa zaidi.

Mpaka sasa nilikuwa nasogeza kimoja, viwili vimesimama. Hiyo ndio sensitiviti. Lakini kusi ikija haiji kugusa mauzo peke yake ikaiacha gharama imelala. Ile barafu isiyonunuliwa inakaa chumbani, mlango unafunguliwa, inayeyuka. Gharama ya kutengeneza kilo moja kwenye mahesabu yetu ni shilingi 6.16, lakini kwa vile asilimia 12 inakuwa maji, kila kilo inayouzwa inabeba shilingi 7. Ikiyeyuka asilimia 18, hiyo 6.16 unaigawa kwa 0.82 na kilo inayouzwa inafika 7.50, na wala stima haijapanda hata senti. Mauzo yenyewe ndiyo yamepandisha gharama.

Na bei? Kwenye daftari, zile siku za 11 ziko wapi? Juni na Julai. Wauzaji wengi wanamfukuzia mnunuzi mmoja.

Kwa hivo hiyo ni senario, si nambari moja bali hadithi moja inayosogeza vitu vyote vitatu kwa pamoja kwa sababu moja. Nikaiita Bahari Mbaya: kilo 250,000, bei 11, gharama 7.50. Kinachobaki kwa kilo ni 3.50, mara 250,000 ni 875,000, toa laki 6 za kudumu, mwaka mzima wa kuamka alfajiri unawaachia 275,000. NPV ni hasara ya milioni 2.3.

Linganisha na mauzo peke yake, hasara ya milioni 1.07. Zaidi ya mara mbili.

Basi nikadhani nimelielewa somo, kwamba ukiviunganisha mambo yanakuwa mabaya zaidi. Nikatengeneza ya pili, Stima, nikitegemea itisho jengine.

Stima ikipotea sana jenereta inanguruma, gharama 8.50. Lakini stima ikipotea haipotei kwa mjomba peke yake. Mafriji ya mtaa mzima yanapata joto na barafu inakuwa dhahabu. Nikamuuliza yule mama, akanionyesha wiki moja umeme ulipokuwa unakuja na kwenda, bei 13 na watu wanagombana. Mauzo yanapungua kidogo kwa sababu hata na jenereta hutengenezi usiku kucha, tuseme 330,000. Kinachobaki kwa kilo ni 4.50. NPV ni hasara ya 302,000.

Gharama peke yake kufika 8.50 ilikuwa hasara ya milioni 1.04. Yani hapa kuunganisha kumepunguza maumivu, kwa sababu bei inakimbia pamoja na gharama.

Nilirudia hesabu mara tatu nikidhani nimekosea.

Sikukosea. Jedwali la kimoja kimoja lilikuwa limetuambia kwamba mauzo mabaya na jenereta ni hatari mbili za ukubwa mmoja. Ukiuliza kila moja inakuja na nani, moja ni shimo na nyengine ni tope. Hili jedwali haliwezi kulijua, sababu haimo kwenye nambari, imo kwenye mtaa: nani mwengine anapatwa na hicho hicho siku hiyo hiyo. Mjomba alikuwa tayari ametaka kuongeza jenereta kubwa zaidi kwa laki 4 kwa kuogopa stima. Nikamwambia asubiri.

Na kuna makosa ninayoyaona sana kwenye hizi senario, nami nimeyafanya, ya mtu kuchukua kila kibaya kutoka kila safu akavirundika: mauzo 250,000, bei 11, gharama 8.50, akaita "hali mbaya kabisa". Inatoka hasara ya milioni 3.1 na ushei, karibu mtaji wote umekwenda, na watu wanaogopa. Lakini iulize hiyo hadithi ni ya siku gani? Stima imepotea mji mzima, na barafu imeshuka bei? Haipo siku hiyo. Ukishindwa kuieleza senario kwa sentensi mbili kwa mtu wa pwani akakubali, umerundika tu.

## Kusi ya miaka mitano

Nikarudi barazani na laptopu. Nahodha yupo, nafikiri safari hii alikuja kwa makusudi.

Nikamweleza Bahari Mbaya. Akakubali yote, kilo, bei, mpaka kuyeyuka. Halafu akauliza hii milioni mbili na laki tatu ni ya kusi moja? Nikamwambia hapana mzee, ni miaka mitano.

Akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Kusi ya miaka mitano! Hiyo hata babu yangu hajaiona."

Alikuwa na haki. Nilikuwa nimeandika 275,000 kwenye C12 nikaiburuta mpaka G12, kama tunavyofanya sote, kidole kinaburuta na hakiulizi. Senario ya uchumi inaweza kudumu, mshindani akija hatoki. Lakini mwaka mbaya wa bahari ni mwaka, halafu unakuja mwengine.

Basi nikaufanya uwe mmoja. Pale pale barazani nikaweka 275,000 kwenye mwaka wa tano tu, mingine milioni 1.2. NPV ni faida ya 289,000. Mjomba akatabasamu.

Nikauhamishia mwaka wa kwanza.

Hasara ya 68,000.

Mwaka mmoja tu, na faida yote ya miaka mitano imefutika. Ni ile ile 925,000 iliyopotea, lakini ikipotea mwisho inakatwa riba ya miaka mitano na kwa leo ni 440,000, ikipotea mwaka wa kwanza inakatwa riba ya mwaka mmoja tu, ni 797,000. Sote tukanyamaza kidogo, hata wale vijana wa bao pale nje nadhani walinyamaza.

Halafu mwenzake mjomba mmoja, ambaye ndiye haongei, akauliza na ule mkopo?

Nusu ya mtaji, milioni 1.6, wanataka kukopa kwenye sako kwa miaka 3. Kwa asilimia 14 wakilipa mara moja kila mwaka ni karibu laki 7 kwa mwaka. Mwaka wa kwanza ukiwa mbaya mashine inawapa 275,000. Hizo laki 4 na zaidi zinazobaki zinatoka wapi? NPV ya hasara ya 68,000 inasema mradi umekaribia kurudisha mtaji, si mbaya sana, karibu sifuri. Na kwenye mradi huo huo watu wanne wamegonga ukuta mwisho wa mwaka wa kwanza na mashine imechukuliwa, hawafiki mwaka wa pili ambao NPV inausubiri kwa raha zake. Hilo sikuliona kwenye sensitiviti wala kwenye senario mpaka nilipoweka mstari wa malipo ya mkopo chini ya mstari wa mapato, mwaka kwa mwaka, nikatoa.

Nilijaribu pia kuzipa senario uzito, hii asilimia 15, ile 20, nipate wastani mmoja wa kuwapa. Nikaona ninazichagua asilimia huku namuangalia mjomba usoni. Nikaacha.

## Walipofika sasa

Muuzaji alitaka wachukue mashine Machi. Hesabu ilivyokuwa mwanzo haikujali, Machi au Septemba ni C12 hiyo hiyo. Lakini ukifungua mwisho wa Machi unaingia kusi na mashine mpya, wateja hawajakuzoea na mkopo umeshaanza kuhesabu. Ukifungua Oktoba una miezi ya kaskazi mbele yako kabla ya vistari vya yule mama kuanza. Wamekubaliana Septemba mwisho, na mkopo wameomba malipo yaanze baada ya miezi mitatu. Sako bado haijajibu.

Jenereta wataanza na dogo la kuazima.

Kuna kitu bado kinanisumbua, nacho ni mshindani. Mashine nyengine ikija Malindi, hiyo haiji mwaka mmoja ikaondoka. Nimeweka 11 na kilo 300,000 moja kwa moja miaka yote, gharama 7, ikatoka hasara ya milioni 1.24. Hapo kidole kilikuwa na haki ya kuburuta. Mjomba anasema hakuna atakayekuja, nahodha anasema wakiona nyinyi mnauza watakuja wawili. Sina daftari la hilo.

Mama wa Mayungu ameniambia ana madaftari mengine mawili ya nyuma, moja liliingia maji ila lasomeka ukilianika. Jumapili nikijaliwa nitaenda, na wino wangu, maana wake unafutika.